Usiku wa Jumamosi

Mwalimu aliiandika barua ile kwa mkono, kurasa nne za karatasi ya mistari, kwa hati ile ile tuliyokuwa tukiinakili ubaoni miaka hiyo ya darasa la sita. Alinikabidhi barazani kwake, Mombasa, Juni 2023, baada ya swala ya alasiri, kahawa ikiwa bado inafuka moshi.

"Mwanangu, nitilie hii katika Kiingereza," alisema. "Lakini usinipunguzie kitu, wala usinizidishie."

Kazi yangu ni tafsiri. Nilikuwa nimeshatafsiri vyeti vya ndoa, hati za nyumba, hata maelekezo ya mashine ya kusaga nafaka. Niliipindua barua, nikaona ni kurasa nne tu, nikamwambia itakuwa tayari kesho. Ilinichukua siku tisa.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kijana mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wake alikopa shilingi 4,500 kwa apu ya mikopo kwenye simu. Apu ile, siku alipoiweka, iliomba ruhusa ya kusoma orodha ya namba zake, naye akabonyeza kukubali kama tunavyobonyeza sote. Alipochelewa kulipa, wadai wakaanza kuwapigia watu waliomo kwenye orodha. Namba ya Mwalimu ilikuwemo. Kwa siku tatu akapigiwa mara kumi na moja na kuletewa ujumbe saba, mmoja ukiwa huu, nami naunakili kama ulivyokuja: "We mzee mwambie uyo mwizi wako alipe deni leo. Wewe ndo mdhamini." Mwalimu hakuwa amemdhamini mtu. Hakuwa hata na habari kwamba kuna mkopo.

Kulikuwa na milango miwili ya kubisha. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza kuwasumbua watu waliomo kwenye orodha ya simu ya mkopaji. Na kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, iliyoanzisha Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Mwalimu alichagua mlango wa pili, na sababu yake niliipenda: "Benki Kuu itaniuliza mkopo wangu ni upi. Mimi sina mkopo. Nilichoibiwa ni namba yangu."

Kabla sijaanza, nilimuuliza kwa nini tujisumbue na Kiingereza. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema lugha rasmi ni mbili, Kiswahili na Kiingereza, na sheria ya data yenyewe inaruhusu mtu kulalamika hata kwa mdomo, ofisi ikayaandika maneno yake. Alicheka. "Kampuni itajibu kupitia mawakili, na mawakili watajibu kwa Kiingereza. Mahali fulani njiani maneno yangu yatafasiriwa tu. Afadhali yafasiriwe na mtu ninayeweza kumkemea." Tukakubaliana barua zitakwenda mbili pamoja: ya Kiswahili ndiyo asili, ya Kiingereza ndiyo tafsiri, na juu ya tafsiri kuwe na mstari unaosema kwamba zikitofautiana, ya Kiswahili ndiyo ifuatwe. Mstari ule ni mfupi, lakini nimekutana na faili ambamo tafsiri ilikuwepo peke yake, asili imepotea, na mlalamikaji akawa anahojiwa kwa maneno ambayo hakuyasema kamwe.

Nikakwama kwenye neno la kwanza kabisa. Mwalimu alikuwa ameanza: "Kwako Mheshimiwa Kamishna." Katika Kiswahili cha ofisini hilo halina shida yoyote. Tunamwita mheshimiwa mbunge, hakimu, hata mwenyekiti wa kikao cha harusi akikasirika. Kiingereza kina neno lake, lile tunalolitamka "onarabo", lakini kule ni cheo chenye wenyewe: wabunge, majaji na wachache wengine. Ukimpa asiyekuwa nalo, hujamwongezea heshima, umeonyesha tu kwamba hujui unamwandikia nani. Nikaliacha. Nikafikiria "sa", neno tulilofundishwa shuleni kuanzia nalo barua zote. Hapo nikakumbuka kwamba Kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, aliyeapishwa Novemba 2020, ni mwanamke. Mheshimiwa wa Kiswahili hana jinsia, lakini Kiingereza kinakulazimisha uchague. Mwishowe nilitumia cheo chenyewe, Kamishna wa Data, bila bwana wala bibi, na nikaandika jina la ofisi kwa ukamilifu wake, kama linavyoandikwa katika sheria, bila kulifupisha. Heshima yote iliyokuwa katika neno "mheshimiwa" niliihamishia kwenye usahihi wa anwani.

Kisha nikafika kwenye "naomba". Neno hili lilikuwa limetokea mara saba. "Naomba ofisi yako ichunguze." "Naomba kampuni itakiwe kueleza namba yangu imeipata wapi." "Naomba ifutwe." Rasimu yangu ya kwanza ilitumia kila mahali lile neno la Kiingereza cha Kenya ambalo hatuwezi kuandika barua bila hilo, "kaindli". Niliposoma ukurasa mzima, nilisikia mtu aliyesimama mlangoni na kofia mkononi. Mwalimu si mtu huyo. Anaposema "naomba kiti kile", darasa zima hujua kwamba kiti kinaletwa sasa hivi.

Nikakasirika na rasimu, nikageukia upande wa pili, nikaweka neno la kudai. Rasimu ya pili ukiirudisha kwa Kiswahili ilisema: nadai ofisi yako ichunguze. Nilimsomea. Aliweka kikombe chini.

"Mimi namdai Kamishna?"

"La, Mwalimu. Unaidai kampuni."

"Basi mbona umenifanya nimfokee Kamishna? Yeye amenikosea nini?"

Alikuwa amegusa jambo ambalo sikulisoma kwenye kitabu chochote cha tafsiri. Barua ya malalamiko kwa mdhibiti ina watu wawili mbele yako: mmoja unamwandikia, mwingine unamshtaki, na ukali wa huyu usimwagikie yule. Katika Kiswahili, "naomba" linawahudumia wote wawili, na msomaji anajua kwa sauti ya sentensi ni wapi ni adabu na ni wapi ni amri iliyovaa kanzu. Katika Kiingereza inabidi uvunje neno hilo vipande viwili. Kwa Kamishna niliandika la kuomba kwa utaratibu, lisilo la unyonge: mlalamikaji anaomba ofisi ichunguze chini ya kifungu cha 56. Kwa kampuni nilitumia lugha ya wajibu, bila kuomba na bila kufoka: kampuni inapaswa kueleza chanzo cha namba, kwa kuwa kifungu cha 32 kinaweka juu yake mzigo wa kuthibitisha kwamba mwenye data aliridhia. Ukali wote ukawa umekaa kwenye "inapaswa" na kwenye namba ya kifungu. Mwalimu aliposikia hivyo aliitikia kwa kichwa taratibu, akasema hiyo ndiyo sauti yake.

Nisiyapitishe haya bila kutaja "nimesikitishwa". Mwalimu alikuwa ameandika, "Nimesikitishwa mno na mwenendo huu." Sisi tuliosoma kwake tunajua kwamba alipotamka neno hilo, mtu alikuwa anakwenda kupiga magoti nje. Kiingereza cha huzuni kingemfanya mzee anayelia. Niliandika kwamba analipinga jambo hilo kwa uzito, na nikaendelea.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa "wamenivunjia heshima". Kwa Kiswahili hilo ni shtaka kamili. Baraza zima likilisikia, litakaa kimya na kungoja kusikia aliyefanya hivyo ni nani. Katika Kiingereza cha faili, lile lile linasomeka kama hisia ya mtu, na ofisa hawezi kuchunguza hisia. Nilijaribu maneno makali zaidi, nikaona kila nikiongeza ukali ndivyo sentensi inavyozidi kuwa nyepesi. Hatimaye sikuongeza kitu. Niliitafsiri sentensi yake kwa upole kama ilivyo, kisha chini yake nikaweka jedwali la safu tatu: ujumbe neno kwa neno kama ulivyokuja, makosa yake ya tahajia na yote; tafsiri yake; na siku na saa kama simu inavyoonyesha.

Ndani ya jedwali lile nilipambana na maneno mawili kwa siku nzima: "We mzee." Mzee ni neno la heshima. Rais ameitwa Mzee katika nchi hii. "Wewe" nalo ni kiwakilishi tu. Lakini "we" lile fupi, likiwekwa mbele ya "mzee" na kijana ambaye hujawahi kumwona, linaondoa heshima yote kama mtu aliyekuvua kofia barabarani. Kiingereza hakina njia ya kulisema. Ukisema "wewe babu" umezidisha, maana hawakumwita hivyo. Ukisema "bwana" umelisafisha tusi lao kwa sabuni yako. Mfasiri anayelainisha tusi lililomo katika ushahidi anamsaidia aliyelitoa, hata kama nia yake ni kumwonea haya mzee. Niliandika tafsiri kavu, kisha nikaweka chini sentensi moja ya mfasiri: kwamba neno "mzee" peke yake ni la heshima, na kwamba likitanguliwa na "we" kwa mtu usiyemjua husikika kama dharau. Sikusema zaidi. Maelezo ya mfasiri yanaeleza lugha; yakianza kutetea kesi, wakili wa upande wa pili anayo haki ya kuyatupa yote.

Kulikuwa pia na methali. Aya ya tatu ya Mwalimu ilianza, "Mla mbuzi hulipa ng'ombe, lakini mbuzi huyu mimi hata harufu yake sikuisikia." Ni sentensi nzuri, na niliitafsiri mara nne, kila mara ikatoka kama habari ya mifugo. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeikata. "Iache kwenye asili," alisema. "Kule sema tu sikukopa, sikudhamini, sikutia sahihi." Vitenzi vitatu, vifupi, vyote vya kukana. Sijui kama ningethubutu kuikata mwenyewe.

Siku ya saba nikadhani nimemaliza. Nina kawaida moja ambayo sikuacha hata kwa Mwalimu: namkalisha mwenye barua, nafunika asili, halafu naisoma tafsiri kwa kuirudisha katika Kiswahili pole pole, kama mtu ambaye hajawahi kuiona asili. Yeye anasikiliza kama Kamishna atakavyosoma. Tukaanza. Kwenye aya ya pili akanyanyua mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia: "Mkopaji ni mtoto wangu, ambaye nililipia masomo yake."

"Nani kasema hivyo?"

Asili ilisema, "Huyu ni mwanangu niliyemsomesha." Mwalimu humwita kila mtu mwanangu, hata mimi ananiita hivyo, hata muuza maji. Na "kusomesha" ni kufundisha na ni kulipa karo, inategemea nani anasema. Mikono yangu ilikuwa imeandika maana ya kwanza iliyokuja. Kampuni ilikuwa inadai kwamba yeye ni mdhamini, nami nilikuwa nakaribia kuwapelekea, kwa Kiingereza safi, kwamba mdaiwa ni mtoto wake wa kumzaa na kwamba aliwahi kumlipia gharama zake. Nikaandika: mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye hatuna udugu naye. Upendo uliokuwa katika "mwanangu" ukabaki kwenye kurasa za Kiswahili.

Tukaendelea. Dakika tano baadaye, safari hii mimi ndiye niliyesimama.

Mwalimu alikuwa ameandika kwamba ujumbe ule mbaya zaidi ulimfikia "usiku wa Jumamosi, saa sita kasorobo". Saa niliibadilisha vizuri, maana kila mfasiri wa Kiswahili alishaumwa na nyoka huyo: unatoa au unaongeza sita, na saa sita kasorobo ya usiku inakuwa 23:45. Nikaandika Jumamosi, 23:45, nikatafuta kalenda, nikaweka tarehe 17 Juni. Nilikuwa nimejipongeza hata. Lakini sasa, picha ya skrini ikiwa kando ya jedwali, niliona simu inasema Ijumaa tarehe 16 Juni, 23:45.

"Mwalimu, hapa tumekosea siku."

Aliitazama picha, akanitazama mimi. "Hatukukosea. Ijumaa baada ya magharibi ni nini?"

Nikanyamaza. Ni kweli. Kwa hesabu ya wazee wetu wa pwani, siku huanza jua likitua. Usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ndiyo maana visomo vya usiku wa Ijumaa husomwa Alhamisi baada ya magharibi. "Jumamosi usiku" ni jambo moja, na "usiku wa Jumamosi" ni jingine, linalotangulia kwa saa ishirini na nne. Vijana wengi siku hizi wanayachanganya, na redio nazo zinayachanganya, lakini Mwalimu hakuchanganya. Mimi ndiye niliyesoma maneno ya mtu wa miaka sabini na kitu kwa kalenda ya simu yangu.

Kosa la siku moja ni dogo katika masimulizi. Katika faili la mdhibiti ni tofauti kati ya barua na kiambatisho chake, na wakili hahitaji zaidi ya hapo. Atauliza: ikiwa mlalamikaji hajui ni siku gani alitukanwa, tutaamini vipi mengine? Jibu la kweli, kwamba anajua kuliko wewe, lisingepata nafasi. Niliandika Ijumaa, tarehe 16 Juni 2023, saa 23:45, na asili tukaiacha ilivyo, pamoja na sentensi ya pili ya mfasiri inayoeleza usiku wa nani ni upi. Baada ya hapo nililinganisha kila siku na kila saa na picha za skrini, moja moja, kwa kidole. Nilipaswa kuanza na hilo.

Lilibaki ombi la mwisho. Nilimweleza kwamba kifungu cha 65 kinampa haki ya kuomba fidia, na kwamba sentensi moja tu ingetosha. Alikataa. "Nikitaja pesa watasema ndizo nilizokuwa nikitafuta." Nilijaribu tena kesho yake, kwa hoja bora zaidi, akakataa kwa maneno machache zaidi. Kwa hiyo barua ikaomba mambo matatu: ijulikane namba imetoka wapi, ifutwe, na wasimtafute tena. Kwa kumalizia, asili ilisema "Wako katika ujenzi wa taifa", kama barua zote za kizazi chake. Tafsiri ikamalizika kwa salamu ya kawaida ya Kiingereza, na jina lake kamili.

Sheria inaipa ofisi siku 90 kuchunguza na kumaliza lalamiko. Kwa kuwa Mwalimu hana barua pepe, tulikuwa tumeandika yangu, na kabla siku hizo hazijaisha kampuni ilituma ujumbe huko moja kwa moja. Ulikuwa wa Kiingereza, mrefu, wenye nembo juu. Nilikwenda nao barazani, nikaketi, nikaanza kumsomea kwa kuurudisha katika Kiswahili kama tulivyozoea.

"'Dia Kastoma,'" nikasema. "Yaani, Mteja Mpendwa. Asante kwa kuendelea kuchagua huduma zetu za mikopo."

Mwalimu alinyanyua mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Mteja," alisema, kama anayeonja chumvi. "Viambatisho vyetu viliishia cha ngapi?"

"Cha saba, Mwalimu."

"Hicho kiandike cha nane. Na usikifasiri, mwanangu. Kipeleke hivyo hivyo."